Tofauti ya Shilingi 63,000: Kisa cha Kufunga Hesabu za Mwezi katika Duka la Mtandaoni

Kufunga hesabu za mwezi katika duka la mtandaoni ni kazi ya kulinganisha kumbukumbu tatu ambazo hakuna mtu mmoja aliyeziandika zote. Ya kwanza ni orodha ya oda, inayotunzwa na mfumo wa duka lenyewe. Ya pili ni ripoti ya kampuni inayopokea malipo kwa niaba ya duka, yaani ile inayokusanya pesa za simu na za kadi kutoka kwa wateja, ikakata ada yake, kisha ikapeleka kinachobaki benki. Ya tatu ni taarifa ya benki. Kumbukumbu hizi zinaeleza biashara ileile, lakini kila moja inaitazama kutoka mlango wake. Orodha ya oda inajua mteja alinunua nini na lini. Ripoti ya malipo inajua fedha ngapi zilipita na ngapi zilikatwa. Benki inajua kilichoingia tu.

Kwa sababu hiyo jumla za kumbukumbu hizi tatu hazilingani zenyewe hata pale ambapo hakuna kosa lolote. Kazi ya mhasibu ni kuonyesha kwamba kila shilingi inayotofautisha jumla moja na nyingine ina maelezo. Sehemu kubwa ya tofauti hueleweka mapema: ada zilizokatwa, fedha ambazo bado ziko njiani kwenda benki, marejesho kwa wateja waliorudisha bidhaa. Ugumu huanza pale ambapo hayo yote yameshaondolewa na bado kunabaki kiasi kimoja kisichoondoka, hata jumla zihesabiwe mara ngapi.

Kisa kinachofuatwa hapa ni cha mfano, na viwango vyake vimechaguliwa ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Duka ni dogo, liko Dar es Salaam, linauza vitenge, kanzu, mabaibui na mikoba, na lina mhasibu mmoja. Mauzo huandikwa siku oda inapolipiwa. Kampuni ya malipo hukata ada ya asilimia 2.5 ya kila malipo, na juu ya ada hiyo kuna VAT ya asilimia 18. Duka lenyewe halijasajiliwa kwa VAT, hivyo kodi hiyo nayo ni gharama yake. Mwezi ni Machi 2024, na kalenda ya mwezi huo ina uzito wake katika habari hii. Ramadhani ilianza katika wiki ya pili ya Machi na kuendelea hadi Aprili, na Pasaka iliangukia Jumapili ya tarehe 31 Machi. Kampuni ya malipo haikupeleka fedha benki kuanzia Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi, hadi Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili.

Kuondoa kinachojulikana

Orodha ya oda ilionyesha mauzo ya Machi ya shilingi 12,537,000. Benki, baada ya kutenga fedha za Februari zilizochelewa kuingia, ilionyesha kwamba duka lilipokea shilingi 10,093,200 kutokana na mauzo ya Machi. Tofauti ya mwanzo ilikuwa shilingi 2,443,800. Kwa duka dogo kiasi hicho ni kikubwa, na mwenye duka alipokisikia alihofu kwamba kuna bidhaa zilizotoka bila kulipiwa.

Mhasibu alianza na fedha zilizo njiani. Kampuni ya malipo hupeleka benki kila siku ya kazi fedha zilizopatikana siku iliyotangulia. Kwa kuwa haikupeleka fedha kwa siku nne mfululizo, mauzo ya tarehe 28 hadi 31 hayangeweza kuingia kabla ya Jumanne, tarehe 2 Aprili. Ripoti ya kampuni ilionyesha kwamba mwisho wa Machi ilikuwa bado inalidai duka? La, ilikuwa yenyewe inadaiwa na duka shilingi 2,135,100, ada ikiwa imeshakatwa. Kiasi hicho kilipotolewa katika 2,443,800, zilibaki shilingi 308,700.

Kilichofuata ni makato. Ripoti ya kampuni ilionyesha kwamba malipo yote ya Machi yalikuwa shilingi 12,600,000. Ada ya asilimia 2.5 ya kiasi hicho ni 315,000, na VAT ya asilimia 18 juu ya ada ni 56,700. Jumla ya makato ni 371,700. Hapo ndipo hesabu ilipogoma. Pengo lililobaki lilikuwa shilingi 308,700, lakini makato yaliyopaswa kulijaza yalikuwa 371,700. Makato yalizidi pengo kwa shilingi 63,000.

Kabla ya kutafuta zaidi, mhasibu alijiuliza tofauti hiyo imeelekea upande gani. Makato yakizidi pengo, maana yake fedha zilizopokelewa, zile zilizo njiani na makato yenyewe, kwa jumla, ni nyingi kuliko mauzo yaliyoandikwa. Ripoti ya malipo inathibitisha jambo hilo moja kwa moja: 12,600,000 ukitoa 12,537,000 ni 63,000. Kwa hiyo hakuna fedha iliyopungua. Kuna fedha iliyopita kwenye kampuni ya malipo ambayo haina oda ya Machi inayolingana nayo. Ugunduzi huu mdogo ulifunga njia nyingi za utafutaji. Bidhaa iliyotoka bila kulipiwa ingeleta upungufu wa fedha, na hapa kuna ziada. Benki nayo iliondoka kwenye orodha ya washukiwa, kwa kuwa kati ya kampuni ya malipo na benki kila shilingi ilikuwa na maelezo: 10,093,200 zilizoingia, 2,135,100 zilizo njiani na 371,700 za makato zinafikia 12,600,000 kamili. Tatizo lilikuwa mahali pamoja tu, kati ya orodha ya oda na ripoti ya malipo.

Kuisoma tarakimu yenyewe

Wahasibu wana desturi ya zamani ya kuichunguza tofauti kama namba kabla ya kufungua daftari, kwa sababu baadhi ya makosa huacha alama kwenye kiasi chenyewe.

Alama ya kwanza ni nusu. Kiasi kikiandikwa upande usio wake, kwa mfano marejesho ya mteja yakaongezwa kwenye mauzo badala ya kupunguzwa, tofauti inayotokea ni mara mbili ya kiasi hicho. Nusu ya 63,000 ni 31,500. Mhasibu alitafuta marejesho au oda ya shilingi 31,500 katika Machi nzima na hakuipata.

Alama ya pili ni kugawanyika kwa 9. Tarakimu mbili zinazokaa pamoja zikibadilishana nafasi, tofauti inayozaliwa hugawanyika kwa 9 daima. Anayeandika 18,000 badala ya 81,000 amepoteza 63,000, na 63,000 ukigawa kwa 9 ni 7,000. Hiyo 7 inaonyesha kwamba tarakimu zilizobadilishana zinapishana kwa saba: 8 na 1, au 9 na 2, au 7 na 0. Kusahau sifuri moja nako huacha alama hiyohiyo, maana 70,000 ikiandikwa 7,000 pengo ni 63,000. Kiasi hiki kilijibu kipimo cha 9 vizuri mno, na mhasibu alitumia muda mrefu kufuata njia hiyo. Alichambua oda zote za shilingi 18,000, ambayo ilikuwa bei ya aina moja ya kitenge, na zote za shilingi 7,000. Kila moja ilikuwa na malipo yake ya kiasi kilekile.

Kipimo cha 9 ni cha kweli, lakini kina mipaka miwili ambayo hapa ilionekana wazi. Mpaka wa kwanza ni kwamba katika kila namba tisa zinazofuatana, moja hugawanyika kwa 9 bila sababu yoyote. Kwa hiyo namba ikishindwa kipimo, kosa la kubadilisha tarakimu mbili linaweza kuondolewa kabisa kama sababu pekee, lakini ikifaulu, linabaki kuwa dhana tu. Aidha, kosa hilo ni la mkono wa mtu anayenakili kutoka karatasi. Katika duka la mtandaoni kiasi cha oda hupita kutoka kwenye kikapu cha mteja hadi kampuni ya malipo bila mtu kukiandika upya, na nafasi ya tarakimu kupinduka ni ndogo sana.

Mpaka wa pili unahusu kodi. Asilimia 18 ya kiasi chochote cha mamia kamili hutoa namba inayogawanyika kwa 9, kwa sababu 18 yenyewe ni mara mbili ya 9. Mahali ambapo VAT ni asilimia 18, kodi iliyosahauliwa inaweza kuvaa sura ya tarakimu zilizopinduka. Shilingi 63,000 ni asilimia 18 kamili ya 350,000, na mhasibu aliliona hilo. Lakini ada za Machi zilikuwa 315,000, VAT yake 56,700, na zote zilikuwa zimeshahesabiwa. Hakukuwa na gharama nyingine ya 350,000 yenye kodi. Njia hiyo nayo iliishia hapo.

Kuigawa Machi siku kwa siku

Kiasi kinapokataa kusema, kinachofuata ni kupunguza eneo la kutafuta. Njia ya kawaida ni kugawa mwezi katika siku, kujumlisha kila siku kwenye kumbukumbu zote mbili, na kutazama ni siku ipi isiyolingana. Kosa likiwa moja, siku thelathini zitalingana na moja itakataa, na hapo zitabaki oda chache tu za kukagua.

Matokeo hayakuwa hivyo. Kuanzia tarehe 1 hadi 13 Machi siku zote zililingana. Tarehe 14, ripoti ya malipo ilizidi orodha ya oda kwa shilingi 42,000. Tarehe 15, ilipungua kwa shilingi 42,000. Kisha zikaja siku kadhaa sawa. Tarehe 19 ripoti ilizidi kwa 27,000, tarehe 20 ikazidi kwa 8,000, na tarehe 21 ikapungua kwa 35,000. Mhasibu aliyekuwa akitafuta tofauti moja alikuta tofauti nyingi, na hakuna hata moja iliyokuwa na shilingi 63,000 hadi alipofika siku ya mwisho.

Mpangilio wake ulionekana pale alipozijumlisha tofauti hizo kwa kufuatana, siku hadi siku, badala ya kutazama kila siku peke yake. Baada ya tarehe 14 jumla ilikuwa 42,000, na baada ya tarehe 15 ikarudi sifuri. Baada ya tarehe 19 ilikuwa 27,000, baada ya tarehe 20 ikawa 35,000, na tarehe 21 ikarudi sifuri tena. Hivyo ndivyo ilivyokwenda hadi tarehe 30, ambapo ilikuwa sifuri. Tarehe 31 ikapanda hadi 63,000, na mwezi ukaisha kabla haijapata siku ya kushuka.

Tofauti inayopanda leo na kufutika kesho haitokani na kiasi kilichokosewa. Kiasi ni sahihi, ila kila kumbukumbu imekiweka katika siku yake. Ripoti ya malipo ilikuwa inaziweka baadhi ya oda siku moja kabla ya siku ambayo duka liliziandika. Katikati ya mwezi jambo hilo halibadilishi jumla, kwa kuwa siku zote mbili zimo ndani ya Machi. Siku ya mwisho ya mwezi ndiyo pekee inayoweza kulileta kwenye jumla, kwa kuwa siku inayofuata ni ya Aprili.

Kutafuta oda zenyewe

Ili kuzipata oda zilizohusika, mhasibu aliacha jumla na kulinganisha oda moja moja. Kila oda ya duka ina namba, na kampuni ya malipo huibeba namba hiyo katika ripoti yake. Orodha zote mbili ziliwekwa katika faili moja la Eksel: oda za duka kwenye ukurasa ulioitwa `Oda`, namba zikiwa safu ya A, na ripoti ya malipo kwenye ukurasa mwingine, namba zikiwa safu ya B. Kando ya kila malipo iliwekwa fomula hii:

```
=COUNTIF(Oda!A:A,B2)
```

Fomula huhesabu ni mara ngapi namba ya malipo inaonekana kwenye orodha ya oda. Jibu la 1 ni oda iliyopata mwenzake. Jibu la 2 ni oda iliyoorodheshwa mara mbili. Jibu la 0 ni malipo yasiyo na oda. Kwa ukamilifu, fomula ya namna hiyo huwekwa pia upande wa pili, ili oda isiyo na malipo nayo ionekane.

Katika Machi nzima, malipo mawili tu yalipata sifuri, moja la shilingi 38,000 na jingine la shilingi 25,000. Yakijumlishwa ni 63,000. Hapo ikaeleweka kwa nini kutafuta kiasi cha 63,000 hakukuzaa kitu: kiasi hicho hakikuwahi kulipwa na mtu yeyote. Ilikuwa jumla ya wateja wawili wasiojuana.

Oda hizo hazikuwa zimepotea. Zilikuwemo kwenye mfumo wa duka, zimelipiwa na kufungashwa, ila zilikuwa kwenye orodha ya Aprili. Ya kwanza iliandikwa tarehe 1 Aprili saa 7:20 usiku, na ya pili usiku huohuo saa 8:05. Ripoti ya malipo iliziandika hivi:

```
2024-03-31T22:20:00Z
2024-03-31T23:05:00Z
```

Herufi Z mwishoni ndiyo iliyobeba maelezo yote. Inaonyesha kwamba muda huo umeandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa inayotumiwa na mifumo mingi ya kompyuta ili kumbukumbu za nchi mbalimbali zifuate kipimo kimoja. Saa za Afrika Mashariki zimetangulia UTC kwa saa tatu, mwaka mzima, bila mabadiliko ya majira. Saa 22:20 za UTC ni saa 7:20 usiku Dar es Salaam, tarehe ikiwa imeshabadilika. Kwa hiyo Machi ya kampuni ya malipo haikuanza na kuisha pamoja na Machi ya duka. Ilianza saa 9 usiku wa kuamkia asubuhi ya tarehe 1 Machi na kuisha saa 9 usiku wa kuamkia asubuhi ya tarehe 1 Aprili. Kila oda iliyolipiwa kati ya saa 6 na saa 9 usiku ilihesabiwa na kampuni kuwa ya jana na duka kuwa ya leo.

Kilichobaki ni swali la kwa nini tatizo hilo halikuonekana Januari wala Februari, na lile la kwa nini siku zililingana hadi tarehe 13. Jibu limo katika maisha ya wateja. Katika miezi ya kawaida hakuna aliyekuwa akinunua kanzu saa 7 usiku katika duka hili. Ramadhani ilipoingia, watu walikuwa macho baada ya tarawehe na wakati wa kungoja daku, na Idi ilikuwa inakaribia. Oda za usiku zikaanza, na kosa ambalo lilikuwepo tangu siku duka lilipofunguliwa likapata kitu cha kuhesabu. Chanzo cha tofauti kinaweza kuwa cha zamani kuliko tofauti yenyewe, na mhasibu anayetafuta tu kilichobadilishwa kwenye mfumo mwezi huu hatakikuta.

Kurekebisha bila kuharibu

Kujua chanzo kunaamua ni nini kiandikwe kwenye vitabu, na hapa jibu ni kwamba mauzo ya Machi hayaguswi. Duka linafuata tarehe ya Tanzania, na kwa tarehe hiyo oda zote mbili ni za Aprili. Jumla sahihi ya mauzo ya Machi ilikuwa tangu mwanzo shilingi 12,537,000. Kinachorekebishwa ni vile vilivyochukuliwa kutoka kwenye ripoti ya malipo. Ada ya oda hizo mbili, shilingi 1,575, pamoja na VAT yake ya shilingi 283.50, ni gharama ya Aprili. Makato ya Machi yanashuka kutoka 371,700 hadi 369,841.50. Fedha zilizo njiani mwisho wa Machi nazo zinapunguzwa kwa 61,141.50, ambacho ndicho kiasi halisi ambacho oda hizo zingeleta benki, na kuwa 2,073,958.50. Sasa 10,093,200 zilizoingia benki, 2,073,958.50 zilizo njiani na 369,841.50 za makato zinafikia 12,537,000, sawa na mauzo, bila shilingi iliyobaki.

Madhara ya kutotafuta chanzo yanaonekana vizuri ukifikiria njia ya mkato. Mhasibu aliyechoka angeweza kuziandika zile 63,000 kama mapato mengineyo ya Machi ili vitabu vifungwe. Lakini Aprili oda zilezile zingeandikwa tena kama mauzo, kwa sababu mfumo wa duka ulikuwa umeshaziweka huko. Fedha moja ingehesabiwa kuwa mapato mara mbili, na duka lingeonyesha faida ambayo halikuipata. Kisha mwisho wa Aprili ripoti ya malipo ingekuwa pungufu kwa 63,000, na mhasibu huyo angelazimika kubuni hasara ili kuifuta. Baadhi ya ofisi huweka kiasi kisichoeleweka katika akaunti ya muda hadi chanzo kipatikane. Hilo linakubalika iwapo akaunti hiyo inaandikwa wazi na kufuatiliwa. Linadhuru pale inapogeuka kuwa mahali pa kusahaulia.

Kwa miezi inayofuata kuna njia mbili. Ikiwa akaunti ya kampuni ya malipo inaruhusu kuchagua saa za eneo, ripoti huwekwa kwa saa za Afrika Mashariki na tofauti haizaliwi kabisa. Ikiwa hairuhusu, ripoti hupakuliwa ikiwa na siku moja ya ziada mwanzoni na mwishoni mwa mwezi, muda wa kila malipo huongezwa saa tatu, kisha mwezi hukatwa upya kwa tarehe ya hapa. Katika Eksel, muda ukishatambuliwa kama tarehe na saa, siku nzima ni 1, hivyo saa tatu huongezwa hivi:

```
=C2+3/24
```

Saa hizo tatu zinatosha kwa duka la Tanzania, Kenya au Uganda. Duka la Kigali, Bujumbura au Bukavu huongeza saa mbili, na la Maskati huongeza saa nne. Kinachoamua ni mahali ambapo vitabu vya duka vinatunzwa. Mteja wa Bukavu anayenunua kutoka Dar es Salaam anahesabiwa kwa saa ya Dar es Salaam.

Jinsi ya kuthibitisha kwamba chanzo ndicho hicho

Maelezo yanayotoa jibu sawa na tofauti si lazima yawe ya kweli. Mtu akiwa na oda mia kadhaa, anaweza kupata mchanganyiko fulani wa oda unaofikia 63,000 kwa bahati tu. Ndiyo maana mhasibu hakuishia kwenye hesabu iliyolingana. Maelezo ya saa yalitabiri mambo mengine ambayo yangeweza kukaguliwa: kwamba tofauti zote za katikati ya Machi zingekuwa ni oda za kati ya saa 6 na saa 9 usiku, kwamba ripoti ikiongezwa saa tatu siku zote zingelingana moja moja, na kwamba ripoti ya Aprili isiyorekebishwa ingeanza ikiwa pungufu kwa 63,000. Shilingi 42,000 za tarehe 14 na 15 zilikutwa kuwa oda ya saa 6:40 usiku. Siku zote 31 zililingana baada ya kuongeza saa tatu. Ripoti ya Aprili ilipotoka, tarehe 1 ilikuwa pungufu kwa kiasi hichohicho.

Jambo hili la mwisho linatenganisha aina mbili za tofauti ambazo mwisho wa mwezi hufanana. Tofauti ya kuvuka mpaka wa mwezi hurudi mwezi unaofuata ikiwa imegeuka upande, na miezi miwili ikijumlishwa pamoja hufutika. Tofauti inayobaki vilevile mwezi baada ya mwezi, kwa kiasi na upande uleule kwenye salio, ni alama ya tukio moja lililopita ambalo halikuandikwa, kama marejesho ya mteja yaliyosahauliwa au salio la kuanzia lililokosewa. Hiyo hutafutwa katika mwezi ilipoanza kuonekana, na kuitafuta katika miezi ya baadaye ni kazi bure.

Mpaka wa ulinganishaji wa jumla nao umejitokeza katika kisa hiki. Kama usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi wateja wangekuwa wamenunua bidhaa za shilingi 63,000 katika saa zilezile, ripoti ya Machi ingekosa kiasi hicho mwanzoni na kukiongeza mwishoni. Jumla zingelingana kabisa, na mwezi ungefungwa huku oda zikiwa zimewekwa katika mwezi usio wake pande zote mbili. Vivyo hivyo, oda ya 25,000 isiyoandikwa na marejesho ya 25,000 yasiyoandikwa hufutana. Tofauti ya sifuri inathibitisha tu kwamba makosa, kama yapo, yanalingana kwa ukubwa. Kinachothibitisha kwamba hayapo ni kulinganisha namba ya oda na namba ya malipo, pande zote mbili, kabla ya kutazama jumla. Kwa duka lenye oda mia chache kwa mwezi, fomula ileile iliyozipata oda hizi mbili hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, na matokeo yake huhifadhiwa pamoja na ripoti ya mwezi ili atakayefunga Aprili ajue ni oda zipi zilivuka na kwa nini.